Kilio cha Mtoto Mmoja

Mwaka 1964, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha habari za mtoto wa chekechea wa miaka 4 aliyelia kila kukicha. Kwanza hawakubadili chochote, walihesabu tu. Kilio kilihesabiwa kama kilisikika umbali wa futi 50 na kudumu sekunde 5 au zaidi. Kilio cha maumivu halisi kiliwekwa kando. Kila asubuhi kilitokea mara 5 hadi 10.

Kisha walimu wakaacha kukijali kilio, wakamsifu alipotatua shida kwa maneno. Ndani ya siku chache kilio kikakaribia kwisha. Lakini pengine alikuwa tu amezoea shule? Basi walimu wakarudia kumbembeleza akilia, na kilio kikarudi. Wakaacha tena, kikapungua tena. Mara moja ingeweza kuwa sadfa. Kupanda na kushuka kwa kufuata mwenendo wa walimu ni vigumu kuita hivyo.

Kurudi nyuma namna hii hakufai kwa mtoto anayejiumiza, wala kwa stadi kama kusoma, ambayo haisahauliki kwa amri. Hapo tiba huanzishwa kwa zamu, tabia moja baada ya nyingine, na kutazamwa kama kila moja hubadilika zamu yake ikifika.