Pembetatu Iliyofukiwa Nyuma ya Ukuta

Ukipita Isamilo, Mabatini au Igogo jijini Mwanza, utaona nyumba zimepanda mlima kwa ngazi, na chini ya ngazi nyingi kuna ukuta wa mawe unaozuia udongo usiporomoke. Mpita njia huuona uso wa mbele, umenyooka. Akipanda juu huuona upana wake, labda sentimita 40. Asichokiona ni mgongo wa ukuta. Ukuta uliojengwa ipasavyo haushuki wima kwa nyuma kama unavyoshuka kwa mbele, bali kila unavyokwenda chini unazidi kunenepa kuelekea kwenye mlima. Ukiukata kama mkate na kuutazama ubavuni, utaona mstatili upande wa mbele na pembetatu upande wa nyuma, pembetatu ambayo siku ya kufukia udongo inatoweka kabisa.

Pembetatu hiyo husahauliwa mwenye nyumba anapopiga hesabu ya mawe, na hupunguzwa fundi anapojenga. Lakini ndiyo inayoufanya ukuta usimame.

Tuchukue ukuta mmoja tuufuatilie hadi mwisho. Una urefu wa mita 12 na kimo cha mita 2 kutoka juu ya msingi. Juu una unene wa mita 0.4, chini mita 1. Mbele umenyooka wima, kwa hiyo mita 0.6 zote zilizoongezeka chini zimeingia upande wa nyuma. Kila ukishuka mita moja, mgongo unarudi nyuma sentimita 30.

Eneo la mkato wake si gumu kulipata. Mstatili ni 0.4 mara 2, yaani mita za mraba 0.8. Pembetatu ni nusu ya 0.6 mara 2, yaani 0.6. Jumla ni 1.4. Utapata jibu lilelile ukichukua wastani wa unene wa juu na wa chini, yaani 0.7, ukazidisha kwa kimo. Angalia uwiano huo: katika sehemu kumi na nne za mawe, sita zinakwenda mahali ambapo hakuna atakayeziona tena. Mwenye nyumba aliyepima unene wa juu pekee atanunua mawe ya kutosha zaidi kidogo ya nusu ya ukuta.

Je, zile sita zina kazi gani? Udongo wa kichanga usio na maji, wenye uzito wa kama tani 1.8 kwa mita moja ya ujazo na uliosawazishwa juu, husukuma kila mita ya urefu wa ukuta huu kwa nguvu ya takriban tani 1.2. Nguvu hiyo inahesabiwa kana kwamba inapiga kwenye theluthi ya kimo kutoka chini, sentimita 67 hivi. Zidisha 1.2 kwa 0.67, unapata 0.8. Hicho ndicho kipimo cha nguvu inayotaka kuuangusha ukuta kifudifudi.

Sasa tuseme fundi amejenga mstatili pekee, unene wa sentimita 40 kutoka juu hadi chini. Mita moja ya ukuta huo ina uzito wa kama tani 1.8, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 20 tu kutoka ukingo wa mbele. Zidisha: 0.37, haifiki hata nusu ya 0.8. Ukuta huo unaweza kusimama kiangazi kizima kwa sababu udongo uliochimbwa ukiwa mkavu hujishikilia wenyewe kwa muda, lakini hesabu imekwisha kusema utakavyoishia.

Ongeza pembetatu. Uzito unafika tani 3.2 na kitovu kinarudi nyuma hadi sentimita 37, na jibu ni takriban 1.2. Juu ya mgongo ulioinama unakaa pia udongo wenyewe, kama tani 1.1 kwa kila mita, ukiukandamiza ukuta chini badala ya kuusukuma mbele, na huo unaongeza karibu 0.86. Jumla inapita 2, mara mbili na nusu ya nguvu ya kuangusha. Kwa hiyo mwinamo wa nyuma unaleta faida mbili: uzito wa mawe, na sehemu ya udongo uliokuwa adui kugeuka kuwa mzigo wa kusaidia.

Turudi kwenye manunuzi. Mita za mraba 1.4 mara urefu wa mita 12 ni mita za ujazo 16.8. Msingi nao uko chini ya ardhi na husahaulika vilevile: ukiwa na upana wa mita 1.25 na kina cha mita 0.4, kwa urefu wa mita 12 unakula mita za ujazo 6. Kazi yote, basi, ni mita za ujazo 22.8.

Hizo 22.8 si mawe matupu. Ndani yake kuna mawe na kuna mota, yaani saruji iliyokandwa na mchanga na maji. Katika ujenzi wa mawe yasiyochongwa, mota huchukua kama theluthi moja. Mawe makubwa yenye sura bapa, yanayojazwa vipande vidogo katikati, hupunguza kiasi hicho. Mawe madogo ya mviringo hukiongeza. Tukishika asilimia 33, tunahitaji mota mita za ujazo 7.5, na mawe yenyewe mita za ujazo 15.3.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea mara ya pili. Mawe hayauzwi yakiwa yamebanana. Yanauzwa yakiwa yamerundikwa kwenye lori, na katika rundo kuna nafasi tupu nyingi. Njia rahisi ya kuzipima ni kuchukua pipa la lita 200, kulijaza mawe mpaka mdomoni, kisha kumimina maji kwa ndoo huku ukihesabu lita mpaka yafike juu. Yakiingia maji lita 80, rundo lako lina nafasi tupu asilimia 40. Kwa mawe makubwa pipa litaonyesha nafasi zaidi kidogo ya zilizomo kwenye lori, kwa kuwa mawe hayakai vizuri penye ukuta wa pipa, lakini kipimo hicho ni bora kuliko kukisia. Kwa asilimia 40, mawe halisi 15.3 yanatoka kwenye rundo la 25.5. Ongeza kidogo kwa yatakayokataliwa na kuvunjika, uagize 27.

Neno tripu halitoshi kuagizia. Pima bodi la lori kwa futi kamba kabla mawe hayajashushwa. Bodi la urefu wa mita 4, upana wa mita 2.2, lililojazwa hadi kimo cha mita 0.8 limebeba mita za ujazo 7, na tripu nne zinakutosha. Lililojazwa hadi mita 0.6 limebeba zaidi kidogo ya 5, na nne hazitatosha. Mawe yaliyopasuliwa kwa moto yagonge moja moja kwa nyundo: zima hulia kwa sauti kali, lenye ufa hutoa sauti butu.

Kwa ukuta kama huu mota ya kipimo cha moja kwa nne inafaa, saruji moja kwa mchanga nne. Vitu vikavu husinyaa vinapochanganywa na maji, kwa sababu saruji huingia katikati ya chembe za mchanga, kwa hiyo mita moja ya mota iliyo tayari huhitaji takriban mita 1.33 za vitu vikavu. Gawa kwa sehemu tano: saruji ni mita za ujazo 0.266. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, basi kila mita ya mota inakula mifuko 7.6, na mota yetu ya mita 7.5 inataka mifuko 57. Mchanga ni mita za ujazo 8, agiza 9.

Kiwanjani hesabu hii inageuka kuwa ndoo. Mfuko mmoja ni lita 35, mara nne ni lita 140, sawa na ndoo saba za lita 20 zilizosawazishwa mdomoni. Si koleo. Koleo la asubuhi na koleo la saa tisa alasiri havilingani, na mwishowe moja kwa nne inakuwa moja kwa saba bila mtu yeyote kukusudia.

Pembetatu huanza kuibwa siku ya kuchimba. Ili ukuta uwe na mita 1 chini, mlima lazima ukatwe zaidi ya mita moja kwenda nyuma, na kwenye ardhi ya Mwanza yenye majabali hiyo ni kazi nzito. Kishawishi cha kuishia sentimita 60 ni kikubwa. Dawa yake ni kiolezo cha mbao chenye umbo kamili la mkato, 0.4 juu na 1 chini, kisimamishwe kila mwisho wa ukuta kabla ya jiwe la kwanza, na nyuzi zivutwe kati yake mbele na nyuma. Fundi akijenga nje ya uzi, kila mtu anaona.

Wizi wa pili ni wa mota. Mawe hutupwa makavu kwenye sehemu ya nyuma, kisha mota ikapakwa juu kama kifuniko, na ndani yakabaki mapango. Mifuko huonyesha ukweli. Ukuta wetu unataka karibu mifuko mitano kwa kila mita ya urefu, msingi ukiwemo. Ukiona mita sita zimemalizika na mifuko iliyotumika ni ishirini badala ya kama 28, uliza iliyobaki ilikwenda wapi. Kisha, mota ikishakauka, mwaga ndoo ya maji juu ya tabaka la nyuma. Maji yakituama na kutiririka, kazi ni nzuri. Yakizama papo hapo, kuna mapango. Angalia pia kama kuna mawe marefu yanayofunga mbele na nyuma, walau moja katika kila mita ya mraba, maana bila hayo uso wa mbele unaweza kubanduka na kuiacha pembetatu peke yake.

Hesabu ya nguvu tuliyoipiga ilikuwa ya udongo usio na maji. Maji yakijaa nyuma ya ukuta hadi juu, nguvu ya kuangusha huongezeka takriban mara mbili, na usalama wote tulioununua kwa pembetatu unaliwa. Kwa hiyo weka kokoto unene wa sentimita 30 nyuma ya mgongo, kama mita za ujazo 7 kwa ukuta huu, na mabomba ya kutolea maji kila baada ya mita moja na nusu hadi mbili, yakiinamia mbele.

Vipimo hivi ni vya ukuta wa mita 2 unaozuia udongo uliosawazishwa, usio na kitu juu yake. Ukitaka kujenga nyumba karibu na ukingo, au barabara ya magari ipite hapo juu, au kimo kizidi mita 2, upana wa mita 1 hautoshi tena kuaminiwa, na mchoro unapaswa kutoka kwa mhandisi aliyefika kiwanjani na kuuona udongo wenyewe.