Sukari Inaposhuka Baada ya Kushiba

Wengi wamezoea kusikia kwamba sukari ya mwili hushuka mtu akishinda njaa. Wapo lakini ambao huishiwa nguvu saa mbili hadi nne baada ya kula vizuri. Hutokwa na jasho jembamba, mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, na njaa huwashika upya kana kwamba hawajatia kitu mdomoni.

Sababu ya kawaida ni mwendo wa insulini, homoni inayotoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye misuli na ini. Chai tamu na mandazi huyeyuka upesi, sukari ya damu hupanda ghafla, na kongosho hujibu kwa kumwaga insulini nyingi. Chakula kikishapita, insulini bado ipo kazini, na sukari huvutwa chini kupita kiasi. Waliopunguzwa tumbo kwa upasuaji hupatwa zaidi, kwa kuwa kwao chakula hufika kwenye utumbo kwa haraka mno.

Shida ni kwamba dalili hizo si mali ya sukari peke yake. Wasiwasi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hata mapigo ya moyo yasiyo sawa, vyote huleta jasho na kutetemeka. Tena soda ikikutuliza si ushahidi, kwa sababu umekaa chini na kupumzika wakati ukiinywa. Ndiyo maana madaktari hushika kanuni inayobeba jina la Allen Whipple, daktari mpasuaji wa Marekani wa karne iliyopita: pawepo dalili, damu ionyeshe sukari ya chini wakati huohuo, na dalili ziondoke sukari inapopanda. Kikikosekana kimoja, hujathibitisha kitu. Kwa asiye na kisukari, sukari ya chini hapa ni ile iliyo chini ya milimoli 3.0 kwa lita.

Hatua ya kwanza ni daftari. Tuchukue mfano wa kutunga wa mwalimu anayekunywa chai saa moja asubuhi. Jumatatu anaandika: chai ya vijiko vitatu vya sukari, mandazi manne, saa nne kasoro dakika kumi natetemeka, natokwa jasho, kipimo cha kidole 2.9, nimekunywa juisi, baada ya robo saa 4.6, kutetemeka kumeisha. Jumatano kifungua kinywa ni kilekile na dalili ni zilezile, ila kipimo kinasoma 5.4, na pembeni ameandika kwamba alikuwa anasubiri mkaguzi. Ijumaa amekula mayai, maharage na chapati moja, akafika adhuhuri bila tatizo. Daktari akisoma kurasa hizo anaona mambo mawili yaliyochanganyika: siku moja huenda ni sukari, siku nyingine hakika siyo. Mtu angetegemea kumbukumbu tu, siku zote mbili zingehesabiwa kuwa moja.

Nimesema huenda kwa makusudi. Mashine ya kidole inaruhusiwa kukosea kwa takriban 0.8 juu au chini, kwa hiyo ile 2.9 inaweza kuwa 3.6. Hapo ndipo unapohitajika mtihani wa mlo wa mchanganyiko. Mgonjwa hulala bila kula, asubuhi huwekewa sindano ya mshipa, kisha hupewa mlo wenye wanga, protini na mafuta, ikiwezekana uleule unaomsumbua. Damu huchukuliwa kabla ya kula, kisha kila nusu saa kwa saa tano. Dalili zikianza, damu hutolewa kwanza ndipo apewe sukari. Ukitanguliza sukari umeufuta ushahidi. Sukari ikiwa kweli imeshuka, maabara hupima pia insulini ya sampuli hiyo. Chupa ziwe zenye dawa ya floridi na zisicheleweshwe, maana chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya chupa, na sampuli iliyosahaulika mezani huweza kutoa jibu la chini la uongo.

Baadhi ya vituo bado hunywesha wagonjwa maji ya glukosi na kuwafuatilia kwa saa nyingi. Kwa tatizo hili kipimo hicho hakifai: takriban mtu mmoja kati ya kumi wenye afya hushuka chini ya 2.8 baada ya kukinywa, bila ugonjwa wowote. Wapo waliobandikwa jina la ugonjwa kwa njia hiyo.

Mtihani ukithibitisha, tiba huanzia sahani: vinywaji vitamu vipungue, wanga uambatane na maharage, samaki au mayai, na milo iwe midogo ya mara kwa mara. Lakini kama unashuka sukari usiku au kabla ya kula, unapoteza fahamu, au unatumia dawa za kisukari, usikae na daftari nyumbani. Hiyo ni habari nyingine, nenda hospitali mara moja.