Maharage, Mchicha na Kikombe cha Chai

Mjamzito akipimwa kliniki na kuambiwa damu yake ni pungufu, ushauri wa kwanza huwa ni ale mchicha, kisamvu na maharage kwa wingi. Ushauri ni mzuri. Asichoambiwa mara nyingi ni kwamba chai anayoshushia chakula hicho inaweza kumnyang'anya sehemu kubwa ya madini ya chuma aliyoyafuata.

Anayenyang'anya ni tanini, ile dutu inayoipa chai ukakasi unaobana ulimi. Ukitaka kuiona ikifanya kazi, loweka msumari wenye kutu kwenye siki usiku kucha. Asubuhi chota kijiko kimoja cha siki hiyo, umimine kwenye glasi ya chai ya rangi. Chai itageuka nyeusi papo hapo (usiinywe). Weusi huo ni tanini iliyoshikamana na chuma, na kwa karne nyingi watu walitengeneza wino wa kuandikia kwa njia hiyo hiyo, ila tanini yao ilitoka kwenye mivimbe ya mti wa mwaloni.

Tumboni hutokea jambo lilo hilo. Chuma cha mimea kinapoyeyuka hubaki wazi, na chochote kinaweza kukidaka. Tanini ikikiwahi kabla hakijafika mwanzo wa utumbo mwembamba, ambako ndiko kinakonyonywa, hugandamana nacho na vyote viwili huishia chooni. Chuma cha nyama, samaki na maini kina nafuu, kwa sababu sehemu yake huingia utumboni ikiwa imefungwa ndani ya molekuli ya hemu ambayo tanini haiifikii kwa urahisi.

Tupige hesabu ya mlo mmoja. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina chuma cha miligramu 4 hivi. Maharage yenyewe yana vizuizi vyake, kwa hiyo tuseme mwili unapata asilimia 5, yaani miligramu 0.2. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji kunyonya karibu miligramu 1.5 kwa siku, kwa hiyo hata bila chai safari ni ndefu. Sasa weka kikombe cha chai pembeni. Mwaka 1999 Richard Hurrell na wenzake walipima watu waliokula mkate kwa chai ya majani meusi, wakakuta unyonywaji wa chuma umeshuka kwa asilimia 79 hadi 94, kutegemea ukali wa chai. Kwenye milo mingine upungufu huwa mdogo zaidi, lakini hata ukiwa nusu tu, ile 0.2 inabaki 0.1.

Wengi hujitetea kwamba wao hunywa chai ya maziwa. Katika kipimo hicho hicho maziwa hayakuleta tofauti ya maana. Kakao nayo ilizuia, hata mnanaa, kwa hiyo kukwepa majani ya chai peke yake hakutoshi. Limau husaidia kiasi, kwani vitamini C hukilinda chuma kisidakwe, ila matone mawili ndani ya kikombe kilichokolea si kitu. Afadhali chungwa zima au kachumbari ya nyanya mbichi kwenye sahani ile ile ya maharage.

Dawa yenyewe ni muda. Mwaka 2017 nchini Uingereza walipimwa wanawake 12. Chai iliyonywewa pamoja na chakula ilipunguza unyonywaji kwa zaidi ya theluthi, na iliposogezwa saa moja mbele hasara ilipungua karibu nusu. Jaribio la Marekani la mwaka 1983 lilihusu kahawa: iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikudhuru, lakini ya saa moja baadaye ilizuia sawasawa na ile ya mezani, maana chakula kilikuwa bado kinashuka taratibu. Ndiyo maana mimi huona saa moja baada ya mlo ni haba. Ziwe mbili, au chai itangulie ya alfajiri na maharage yafuate baadaye. Vidonge vya kuongeza damu navyo vimezwe kwa maji, si kwa chai ya asubuhi kama wengi wanavyofanya.

Si kila mtu ana sababu ya kuhangaika. Mwanamume mzima mwenye afya, anayekula nyama au samaki mara kwa mara, anaweza kunywa chai yake apendavyo. Wa kuangaliwa ni wajawazito, wasichana walioanza hedhi, na watoto wadogo wanaopewa chai na mkate kama kifungua kinywa cha kila siku. Na wapo ambao kizuizi hiki kwao ni msaada: wenye ugonjwa wa kurithi unaoufanya mwili ulimbikize chuma kupita kiasi. Tiba yao kuu ni kutolewa damu, lakini chai nyeusi pamoja na chakula imeonekana kupunguza kasi ya mlimbikizo huo.