Miadi ya Saa Nne Mjini Juba

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 2021, saa za Juba zilipofika saa sita kamili zilirudishwa nyuma hadi saa tano. Sudan Kusini, iliyokuwa ikifuata majira ya Afrika Mashariki pamoja na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ikahamia majira ya Afrika ya Kati, sawa na Kigali na Bujumbura. Kwa jua, hapakuwa na ajabu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na Juba iko nyuzi 31 na ushei mashariki ya Greenwich, ambazo ni saa mbili na dakika chache.

Sasa mfikirie mfanyabiashara wa Kampala ambaye Desemba 2020 alikubaliana na mteja wake wakutane ofisini Juba, Jumanne tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi. Akaiingiza miadi hiyo kwenye kalenda ya kampuni yake. Waliotengeneza kalenda hiyo walifuata kanuni ambayo kila mwanafunzi wa programu hukaririshwa: usihifadhi saa ya mahali, igeuze kwanza iwe UTC, ile saa ya dunia inayohesabiwa kuanzia Greenwich. Desemba ile Juba ilikuwa saa tatu mbele ya UTC, basi 10:00 ikawa 07:00. Ikahifadhiwa 07:00 peke yake, na ile 10:00 waliyokubaliana ikatupwa.

Februari ikaingia. Kalenda inasoma 07:00, inaongeza saa mbili badala ya tatu, inamwambia miadi ni saa tatu. Mteja hajabadilisha neno. Kwake ni saa nne ya ukutani, kama walivyoagana. Mgeni anafika na kukalishwa kwenye benchi la mlinzi saa nzima. Hapo ana bahati, maana nchi ingesogeza saa mbele, angefika mkutano umeshakwisha.

UTC haikukosea hesabu. Ila 07:00 haikuwa ahadi ya mtu yeyote; ilikuwa jibu la hesabu iliyopigwa kwa sheria za Desemba, na sheria za saa hutungwa na serikali. Kinachofaa kuhifadhiwa ni kile walichosema watu wenyewe, pamoja na jina la ukanda wa saa:

```
saa_ya_mahali: 2021-02-09T10:00
ukanda: Africa/Juba
```

Jina hilo hutoka kwenye hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na simu na kompyuta nyingi. Toleo lake la `2021a`, lililobeba badiliko la Juba, lilitolewa tarehe 24 Januari 2021, wiki moja tu kabla ya usiku ule. Kengele ya ukumbusho bado inahitaji UTC ili ijue ilie lini, nayo ipewe. Lakini ichukuliwe kama hesabu ya muda, ipigwe upya kila toleo jipya linapowekwa. `+03:00` haiwezi kufanya kazi ya jina, kwa sababu haisemi ni sheria za nani zifuatwe zikibadilika.

Aliyehifadhi UTC atagundua kosa kirahisi: miadi ya Januari iko sawa, ya Juba kuanzia Februari yote imepotoka kwa saa moja kamili. Kuirekebisha ndiko kunakoumiza kichwa. Miadi iliyoingizwa kabla seva haijapata sheria mpya imeandikwa 07:00. Iliyoingizwa baadaye, kwa saa ileile ya nne, imeandikwa 08:00. Ukizisogeza zote, unaziharibu zilizokuwa nzima. Tarehe ya kuingizwa nayo haitoshi kukuamulia, kwani seva moja ilisasishwa Januari, nyingine Machi, na hakuna aliyeandika popote.

Hii haina maana UTC itupwe. Muamala wa fedha uliokwisha kupita, au kupatwa kwa mwezi kunakotarajiwa, havingoji tangazo la serikali; huko UTC ndiyo mahali pake. Wala saa ya mahali haimalizi kila kitu. Usiku ule Juba ilipata saa tano na nusu mara mbili, kwa hiyo mwenye miadi ya muda huo ilimpasa aseme ni ya kwanza au ya pili.

Na jina la ukanda lenyewe linaweza kukuponyoka. Hadi Oktoba 2017 Khartoum na Juba zilikuwa na saa moja, na mtu angeweza kuchagua `Africa/Khartoum` kwa mkutano wa Juba asione tofauti. Tarehe 1 Novemba mwaka huo Sudan ikarudisha saa zake nyuma, Juba ikabaki ilipokuwa. Kalenda ikimfuata Khartoum, mkutano unahama kwa saa moja, na jina la mji lisipoandikwa pembeni hakuna programu itakayojua kwamba watu wanakutana Juba.