Kuhesabu Namba za Siri

Kufuli la vitufe hufunguliwa kwa tarakimu nne. Kila nafasi ina chaguo 10, na chaguo la nafasi moja huambatana na lolote la nyingine; kwa hiyo twazidisha: 10 × 10 × 10 × 10 = 10,000.

Tuchukulie mwizi ameona kuwa vitufe 2, 5 na 8 pekee vimechakaa. Basi tarakimu moja imerudiwa. Ikiwa ni 2, tarakimu 5 ina nafasi 4, na 8 ina 3 zilizobaki: 4 × 3 = 12. Ikiwa ni 5 au 8, hesabu ni ile ile. Hali hizi tatu haziwezi kutokea pamoja, hivyo twajumlisha: 12 + 12 + 12 = 36.

Vingechakaa vinne, zingekuwa 4 × 3 × 2 × 1 = 24 tu. Kurudia tarakimu moja, basi, humchelewesha mwizi.