Eneo Lililo Chini ya Alama ya Chaki

Chukua baiskeli ya magurudumu makubwa, ile ya kubebea madumu ya maji na matenga ya nyanya. Tia alama ya chaki ubavuni mwa tairi, pale tairi linapogusa ardhi, kisha isukume polepole kandokando ya ukuta huku ukiifuata alama hiyo kwa macho. Utaiona ikiinuka karibu wima kutoka ardhini, ikipinda kuelekea mbele, ikipita juu kwa kasi, halafu ikishuka na kugusa ardhi tena wakati gurudumu limemaliza mzunguko mmoja. Ukiichora njia yake ukutani, utapata tao pana lenye umbo la mgongo wa kobe. Wanahisabati huliita saikloidi.

Je, eneo lililofungwa kati ya tao hilo na ardhi ni kubwa kiasi gani?

Tuseme nusu kipenyo cha gurudumu ni sentimita 35, na pai tuichukue kuwa 22/7 kama tulivyozoea shuleni. Mzunguko mmoja utaisogeza baiskeli sentimita 220, na alama ya chaki itafika juu sentimita 70. Kwa hiyo tao lote linaingia ndani ya mstatili wa sentimita 220 kwa 70, wenye eneo la sentimita za mraba 15,400. Namba hiyo iweke kichwani. Jibu lolote litakalopita 15,400 ni kosa, hata kama hesabu yake imejaza kurasa tatu.

Galileo, ambaye ndiye aliyeupa mkunjo huu jina, alilikabili swali hili kwa mzani. Alikata bati kwa umbo la tao, akakata jingine kwa umbo la duara lililolichora tao hilo, akayapima. Tao lilikuwa na uzito wa karibu mara tatu ya duara. Hakuamini kwamba uwiano huo ni tatu kamili, akaona pengine ni namba iliyo karibu tu na tatu. Simlaumu, kwa sababu mzani husema kiasi, hausemi sababu, na bila sababu mtu hana njia ya kujua kama tofauti ndogo anayoiona imetokana na mkasi wake au na umbo lenyewe.

Sisi tutumie njia nyingine. Badala ya kuuliza alama iko wapi baada ya sentimita kadhaa za ardhi, tuulize iko wapi baada ya gurudumu kuzunguka kiasi fulani. Kiasi hicho cha mzunguko tukiite t. Hicho ndicho parameta: namba moja inayotawala zote mbili, umbali wa alama kwenda mbele, x, na kimo chake juu ya ardhi, y.

Gurudumu likizunguka robo, ekseli inasogea sentimita 55. Alama ya chaki, ambayo bado iko nyuma ya ekseli kwa sentimita 35, imesogea 20 tu, nayo iko kimo cha 35. Baada ya nusu mzunguko iko 110 mbele na 70 juu. Robo ya tatu inaifikisha 200 mbele na 35 juu, na mwisho wa mzunguko iko 220 mbele, chini kabisa. Tazama jinsi hatua zisivyolingana: robo ya kwanza sentimita 20, ya pili 90, ya tatu 90, ya nne 20. Gurudumu linazunguka kwa mwendo uleule, lakini alama inajikokota ikiwa chini na kukimbia ikiwa juu.

Unganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka. Utapata pembetatu mbili pembeni na trapeza mbili katikati, na jumla ya maeneo yake ni sentimita za mraba 10,150. Ni pungufu, kwa kuwa tao limebinuka juu ya mistari hiyo. Gawa mzunguko mara nane badala ya nne, na jumla inapanda hadi 11,165 hivi. Ukiendelea kugawa, inasogelea namba moja bila kuivuka.

Ili kuifikia namba hiyo tunahitaji milinganyo ya alama:

x = r(t − sin t)
y = r(1 − cos t)

Hapa t inapimwa kwa radiani, yaani mzunguko mzima ni 2π. Eneo la kila ukanda mwembamba chini ya tao ni kimo chake mara upana wake. Kimo ni y. Upana ni kiasi ambacho x imesogea wakati t imeongezeka kidogo, na ukiupata mnyambuliko wa x utaona jambo zuri: ni r(1 − cos t), ileile fomula ya kimo. Maana yake alama husogea mbele kwa kasi inayolingana na kimo chake juu ya ardhi. Ndiyo sababu ilijikokota chini na kukimbia juu.

Basi tunatakiwa kujumlisha r²(1 − cos t)² katika mzunguko mzima. Fungua mabano: 1 − 2cos t + cos² t. Katika mzunguko mmoja, wastani wa cos t ni sifuri, kwa kuwa inakuwa chanya na hasi kwa usawa, na wastani wa cos² t ni nusu. Wastani wa mabano yote ni 1 − 0 + ½, yaani 3/2. Zidisha kwa urefu wa safari ya t, ambao ni 2π, upate 3π. Eneo ni 3πr²: mara tatu ya duara, kamili. Kwa baiskeli yetu ni sentimita za mraba 11,550, robo tatu ya ule mstatili.

Sasa mipaka. Nimesema “safari ya t ni 2π” kana kwamba ni wazi, na hapo ndipo wengi huteleza. Mipaka haitolewi kichwani. Huulizwa kwenye mlinganyo. Tao huanza na kuisha pale alama inapogusa ardhi, yaani y ikiwa sifuri. Hilo hutokea cos t ikiwa 1, na t zinazofanya hivyo kwa kufuatana ni 0 na 2π.

Kosa la kwanza ninaloliona mara kwa mara kwa wanafunzi ni kutazama mchoro, kuona tao linaanzia 0 na kuishia 2πr, kisha kuiweka 2πr kuwa mpaka wa t. Lakini hiyo ni namba ya x. Kwa gurudumu letu ni 220, na radiani 220 ni mizunguko 35. Jibu linatoka zaidi ya 404,000, mara 35 ya lililo sahihi, na mstatili wa 15,400 unalikataa papo hapo. Ubaya ni kwamba mazoezi mengi hutumia r sawa na 1, ambapo 2πr na 2π ni namba moja. Mwanafunzi anapata vema kumi akiwa na kosa lilelile, halijaonekana tu. Ndiyo maana mimi hukataa kufundisha saikloidi kwa gurudumu la nusu kipenyo 1.

Kuna anayeanzia −π hadi π. Huyu anapata 11,550 sawasawa, kwani naye amezunguka mzunguko mmoja. Ila t ikiwa −π alama iko kileleni. Amejumlisha nusu ya pili ya tao moja na nusu ya kwanza ya tao linalofuata. Namba ni ya kweli, lakini umbo alilolipima si lile alilotaja.

Kosa linalonivutia kuliko yote ni la yule anayesahau kwamba upana wa kanda haulingani. Anachukua mwendo wa ekseli, sentimita 55 kila robo, na kuufanya kuwa upana. Jibu lake ni 2πr², yaani 7,700. Amepungukiwa na 3,850, ambayo ni eneo la duara moja, bila kuzidi wala kupungua.

Hiyo si bahati. Gilles Personne de Roberval, aliyefundisha hisabati Paris, alilipata eneo la saikloidi mwaka 1634, kabla ya kalkulasi ya Newton na Leibniz, kwa kuanzia mkunjo huohuo “wa makosa”. Alichora nukta zenye kimo kile cha alama ya chaki lakini zinazosogea sambamba na ekseli. Mkunjo huo unaukata mstatili wa nusu tao katika sehemu mbili sawa, kwa hiyo chini ya mkunjo mzima kuna nusu ya 15,400, yaani 7,700. Kisha akatazama pengo kati yake na saikloidi. Kwa kila kimo, upana wa pengo ni r sin t, sawa na upana wa nusu duara kwa kimo hicho. Maumbo mawili yenye upana sawa kwa kila kimo yana eneo sawa, kanuni inayojulikana kwa jina la Cavalieri. Pengo la kushoto ni nusu duara, la kulia nusu duara. Ongeza duara moja kwenye 7,700 upate 11,550.

Roberval hakuichapisha. Kiti chake cha ualimu kilishindaniwa kila miaka mitatu, na aliyekuwa nacho ndiye aliyetunga maswali, hivyo ilimfaa kuwa na majibu ambayo wengine hawana. Torricelli alipochapa uthibitisho wake mwaka 1644, Roberval alilalamika kwamba ameibiwa.

Umalizie safari kwenye reli. Gurudumu la treni lina ukingo unaoshuka chini ya uso wa reli. Tuseme gurudumu lina nusu kipenyo cha sentimita 46, na ukingo wake unashuka 3 zaidi. Alama iliyo kwenye ncha ya ukingo ina kimo 46 − 49cos t, na kasi yake kwenda mbele inafuata kimo hicho kama ilivyokuwa kwa baiskeli. Kwa hiyo ikiwa chini ya reli, kimo kikiwa hasi, alama inarudi nyuma ingawa treni inakwenda mbele, na njia yake inajikunja kitanzi.

Ukitaka eneo la tao juu ya reli, 0 na 2π hazifai tena. Uliza tena mlinganyo: kimo ni sifuri cos t ikiwa 46/49, karibu radiani 0.35, na kwa upande wa pili 5.93. Ukilazimisha 0 na 2π, kipande cha chini ya reli kina kimo hasi na mwendo hasi, na hasi mbili zikizidishwa huwa chanya. Kinajiongeza kwenye jumla kimyakimya. Kwa gurudumu hili ziada hiyo ni sentimita za mraba 3 na kitu, katika jibu la karibu 20,800. Mstatili hauwezi kuikamata, wala mzani wa Galileo. Itaonekana tu kwa yule aliyechora kitanzi kabla ya kuandika mipaka.