Uchakavu kwanza, mauzo baadaye

Chukua mashine iliyonunuliwa 1 Januari 2019 kwa shilingi 10,000,000, uchakavu asilimia 20 ya gharama kwa mwaka, ukihesabiwa kwa miezi. Iliuzwa 30 Juni 2021 kwa 4,500,000, kwa hundi.

Anza na uchakavu wa miezi sita ya mwisho, ili limbikizo lifike 5,000,000. Kisha debiti akaunti ya uuzaji wa mali 10,000,000, krediti mashine. Debiti limbikizo 5,000,000 na benki 4,500,000, zote krediti uuzaji. Pengo la 500,000 ni hasara.

Ukisahau ile miezi sita, hasara itasomeka 1,500,000, na akaunti italingana vilevile. Ila swali likisema mwaka wa kuuza hauna uchakavu, basi 1,500,000 ndiyo sahihi.